Fidia ya Mfalme Yohana

Tarehe 19 Septemba 1356, karibu na mji wa Poitiers, Mfalme Yohana wa Pili wa Ufaransa alitekwa na Waingereza pamoja na mwanawe Filipo, kijana wa miaka 14. Vita vya Miaka Mia vilianza 1337 vikaisha 1453, na ndani yake yalipiganwa mapigano mengi. Hili la Poitiers ndilo lililoingia hadi jikoni kwa mkulima.

Jeshi la Edward, mwana wa mfalme wa Uingereza, lilikuwa dogo, lakini lilikuwa na wapiga mishale wenye pinde ndefu. Farasi wa Wafaransa walikuwa wamevalishwa deraya kifuani, na mishale iliyopigwa kutoka mbele ikawa inateleza tu. Wapiga mishale wakahamia ubavuni, penye kinamasi, wakawalenga farasi mapajani na matakoni. Farasi waliojeruhiwa waligeuka na kuwakanyaga watu wao wenyewe. Makabaila waliolelewa tandikoni walishindwa na wanakijiji waliofundishwa upinde tangu utotoni.

Mwaka 1360 ikakubaliwa fidia ya sarafu milioni 3 za dhahabu. Mfalme aliachiwa, na mwezi Desemba akatangaza kodi: asilimia 5 kwa bidhaa zinazouzwa, sehemu moja ya 13 kwa divai, na sehemu moja ya tano kwa chumvi. Chumvi ilikuwa chaguo la kikatili, maana bila chumvi nyama haihifadhiki, na maskini hana namna ya kuikwepa. Wakati huohuo ikatolewa sarafu mpya ya faranga, jina ambalo Burundi, Rwanda na Kongo wanalitumia mpaka leo.

Fidia haikulipwa yote. Yohana alirudi London mwenyewe baada ya mwanawe mwingine, aliyewekwa rehani, kutoroka, na akafia huko mwaka 1364. Kodi hazikufa naye. Zamani mfalme alitoza watu vita vinapozuka tu. Sasa walizoea kulipa mwaka hadi mwaka, huku majeshi ya Waingereza yakichoma mazao yao. Naamini hapo ndipo hisia ya taifa ilipoota mizizi: mtu wa Normandi na mtu wa Loire walimlipia mfalme mmoja na kumwogopa adui mmoja. Mwaka 1429 Yoana wa Arc, binti wa mkulima, aliwaandikia Waingereza warudi kwao, na Wafaransa wengi walimwelewa mara moja.

Mwaka 1445 Charles wa Saba alitumia kodi hizo kuunda jeshi la kudumu lenye mishahara. Ndugu wawili, Jean na Gaspard Bureau, walimsimamia mizinga. Tarehe 17 Julai 1453, huko Castillon, jemadari Mwingereza Talbot aliona vumbi la farasi likitoka kambini mwa Wafaransa, akadhani wanakimbia. Akashambulia bila kungoja askari wake wote wafike. Nyuma ya handaki mizinga ilikuwa tayari imeelekezwa, na Talbot aliuawa humo pamoja na mwanawe.