Kuchagua programu ya bure ya katuni kwa kompyuta mpakato ya zamani

Mtu anayetaka kuanza kutengeneza katuni kwa kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika kwa miaka mingi huanza kwa kuuliza ni programu ipi iliyo bora. Ni afadhali kwanza atazame kumbukumbu ya mashine yake. Katika Windows 10, afungue `Settings`, kisha `System`, kisha `About`. Kiasi hicho kimeandikwa mbele ya `Installed RAM`. Mstari wa `System type` nao utamwonyesha kama mashine ni ya biti 32 au 64, kwa kuwa programu nyingi za leo hazikubali mashine ya biti 32.

Tuchukue mfano wa kijana mwenye mashine ya GB 4 anayekusudia kutengeneza tangazo la sekunde 20 kwa ajili ya duka la jirani. Picha moja ya rangi yenye nukta 1920 kwa 1080 huchukua takriban MB 8 inapofunguliwa katika kumbukumbu, hata kama faili lake kwenye diski ni dogo. Akionyesha picha 24 kwa sekunde, atakuwa na picha 480, yaani karibu GB 4, na Windows yenyewe haijapata nafasi yake. Akipunguza ukubwa kuwa nukta 1280 kwa 720, na picha kuwa 12 kwa sekunde, mahitaji hayo hushuka hadi chini ya GB 1. Kwenye simu ya mkononi, ambako matangazo mengi ya namna hii hutazamwa, tofauti haionekani sana.

Hesabu hiyo ndiyo inayotenganisha programu za kuchora. Krita ina brashi nzuri kuliko wenzake, lakini huweza kuweka picha zilizo tayari katika kumbukumbu ili mwendo uonekane bila kukwama. Ikifanya hivyo, kwenye GB 4 itafaa kwa vipande vya sekunde chache tu. Pencil2D ina vifaa vichache na ni nyepesi, nayo inamtosha anayejifunza kuchora mwendo picha kwa picha. Dalili ya kumbukumbu kujaa ni kwamba kalamu huchelewa kufuata mkono, na taa ya diski huwaka bila kuzimika.

Hata hivyo, kijana wetu angelazimika kuchora picha 240. Kwa dakika tatu kila moja, hizo ni saa 12 za kuchora. Kwa tangazo lenye mtu mmoja anayezungumza na kupunga mkono, tunashauri njia ya vipande: kichwa, kiwiliwili, mikono na miguu huchorwa mara moja tu, kila kimoja peke yake, kisha huunganishwa na kusogezwa kama karagosi. Synfig Studio hufanya kazi hiyo. Mtumiaji huweka mkono mahali pa kuanzia na mahali pa kumalizia, na programu hukokotoa hatua zilizo katikati. Vipande vinaweza kuchorwa katika Krita, ambayo kwa picha moja isiyo na mwendo haielemei mashine, na kuhifadhiwa kama PNG bila rangi ya nyuma. Ncha za viungo zichorwe za mviringo na zipandiane. Zikikatwa bapa, kiwiko kitaacha pengo mara mkono utakapokunjwa. Gharama ya njia hii huja mwishoni, kwani kutoa video kamili huweza kuchukua muda mrefu kwa prosesa ya zamani.

Programu ya kuhariri kama Shotcut, ambayo huhitaji mashine ya biti 64, haichori wala haiungi karagosi. Kazi yake ni kupanga vipande vya video vilivyokamilika, kuweka sauti na kutoa faili la mwisho. Kwenye mashine dhaifu, chagua `Settings`, kisha `Preview Scaling`, kisha `360p`: picha ya kutazamia itafifia, lakini video ya mwisho haitapungua ubora.

Programu zote nne ni huria, na hupatikana bila malipo katika tovuti za watengenezaji wake: `krita.org`, `pencil2d.org`, `synfig.org` na `shotcut.org`. Krita huuzwa pia na watengenezaji wenyewe katika duka la Microsoft ili kuchangia kazi yao. Malipo hayo ni ya hiari. Fundi anaweza kudai ujira wa kukusakinishia, nayo ni haki yake, lakini hana sababu ya kukuuzia leseni. Programu ikiacha nembo yake juu ya video yako au ikihesabu siku zilizobaki, ulichopewa ni toleo la majaribio la bidhaa nyingine.

Kabla ya kuchora chochote cha maana, tengeneza duara linalovuka kioo kwa sekunde tano, litoe kama video, na uangalie saa. Kwa tangazo la sekunde 20, zidisha muda huo mara nne, kisha uongeze zaidi, kwa maana karagosi mwenye vipande kumi ni mzigo mzito kuliko duara.