Karatasi Mbili za Siri na Mezani Yuro 48,000

Mkurugenzi wa shirika la misaada anataka kuhamisha fedha kutoka kwenye mafunzo kwenda kwenye uchimbaji wa visima. Afisa wa mfadhili anasema haiwezekani. Wote wawili wanaigiza. Kila mmoja ana karatasi ambayo mwenzake hajaiona, na wamepewa dakika 40 waafikiane au waachane.

Mazoezi ya namna hii hutumika sana kufundishia majadiliano. Yalipata umaarufu baada ya Roger Fisher na William Ury kutoa kitabu chao cha majadiliano mwaka 1981, na Chuo Kikuu cha Harvard kinayo programu nzima inayoandaa maigizo hayo. Muundo wake ni rahisi: karatasi moja ya maelezo ambayo wote wanaisoma, kisha karatasi ya siri kwa kila upande.

Tuchukue mfano uliotungwa kwa ajili ya semina. Karatasi ya wote inasema hivi: mradi wa maji katika vijiji vya Dodoma umepewa ruzuku ya yuro 320,000. Kasma ya uchimbaji ina 160,000, mafunzo ya kamati za maji 80,000, na zilizobaki ni za mishahara na uendeshaji. Maji yamepatikana chini zaidi ya ilivyotarajiwa, hivyo kila kimoja kati ya visima 6 kinahitaji yuro 8,000 za ziada. Ndipo mkurugenzi anapoomba 48,000 kutoka kwenye mafunzo.

Karatasi ya siri ya mkurugenzi ina mambo mawili mazito. Kwanza, mtambo ulikuwa karibu kuondoka, kwa hiyo amekwisha kumlipa mkandarasi 16,000 za visima viwili bila kumwambia mfadhili. Pili, mafunzo yalipangwa kufanyika hotelini mjini. Yakihamishiwa vijijini yatagharimu nusu.

Afisa naye ana yake. Mwaka uliopita wakaguzi walimhoji kwa kuidhinisha mabadiliko baada ya fedha kutumika. Makao makuu yanataka kuona kamati zote 24 zimefunzwa, lakini hakuna aliyewahi kuuliza zitafunzwa wapi.

Igizo linapoanza, wengi hukimbilia kuvutana juu ya kiasi. Mkurugenzi anataka 48,000, afisa anatoa 20,000, wanakutana katikati. Hesabu inaonekana nzuri, lakini 34,000 zinatosha visima vinne tu, hakuna aliyeeleza kamati ngapi zitakosa mafunzo, na zile 16,000 bado zimefichwa.

Dalili ya siri hiyo huonekana kwenye maneno. Afisa akiuliza, “Mkurugenzi, kazi imeshaanza?” naye akajibu, “Tuko kwenye maandalizi,” mwezeshaji makini anaandika jibu hilo pembeni. Si uongo kamili, ila likigunduliwa na mkaguzi litasomeka kama uongo.

Kinachochekesha ni kwamba mara nyingi hofu hiyo haina msingi. Igizo letu linatumia kanuni iliyozoeleka katika mikataba ya ruzuku za nje ya Umoja wa Ulaya: shirika linaweza kuhamisha fedha kati ya kasma kuu kwa kutoa taarifa tu, mradi mabadiliko yasizidi asilimia 25 ya kiasi cha awali cha kila kasma inayoguswa. Washiriki wengi hupiga hesabu upande wa uchimbaji, wakapata 40,000, wakafurahi. Wanasahau upande zinakotoka: asilimia 25 ya 80,000 ni 20,000. Huo ndio ukomo. Na 16,000 zilizolipwa ziko ndani yake.

Mkurugenzi akiyasema hayo mapema, afisa hahitaji kuidhinisha jambo lililopita, anapokea taarifa. Kisha akieleza kwamba anachotaka ni kamati 24, suala la hoteli linajitokeza lenyewe. Mafunzo yakihamia vijijini zinaokolewa 40,000, zinazotosha visima vitano. Baada ya 16,000 za taarifa, 24,000 zinasubiri nyongeza ya mkataba iliyotiwa saini kabla ya kutumika. Kisima cha sita kinatafutiwa fedha kwingine. Hakuna aliyepata vyote, lakini kila upande unaweza kuutetea uamuzi huo mbele ya wakubwa wake.

Igizo lina mipaka yake. Mshiriki hapotezi kazi akisema ukweli, na mkurugenzi halisi anaweza kukutana na afisa asiyejali sababu yoyote. Ndiyo maana uchambuzi baada ya igizo unahitaji muda wa kutosha: karatasi za siri zisomwe kwa sauti, makubaliano ya kila jozi yaandikwe ubaoni, na kila mmoja aulizwe ni jambo gani alilificha na lilimgharimu nini.

Anayetaka kujaribu zoezi hili kwenye shirika lake awabadilishie watu nafasi: mhasibu na meneja wa mradi waigize wafadhili, na zile asilimia 25 watumie zilizomo kwenye mkataba wao wenyewe, maana kila mfadhili ana ukomo wake.