Bonasi ya Kukaribisha: Ni Pesa Ngapi Lazima Uweke Dau Kabla ya Kutoa?

Wakazi wengi wa mtaa wa West Indies na sehemu nyingine za Eldoret wamepokea ujumbe wa aina hii kwenye simu: jisajili leo, weka Sh1,000, upewe Sh1,000 nyingine bure. Chini yake huandikwa kwa herufi ndogo kwamba vigezo na masharti kuzingatiwa. Sharti kubwa kati ya hayo ni la kuzungusha bonasi, na ndilo huamua kama pesa hizo zitawahi kufika M-Pesa.

Kuzungusha ni kuweka dau tena na tena hadi jumla ya madau ifikie kiwango kilichowekwa na kampuni. Kabla ya hapo, bonasi huonekana kwenye akaunti lakini haitolewi. Mara nyingi, anayetoa pesa mapema hupoteza bonasi pamoja na ushindi wote uliotokana nayo.

Chukua mfano wa mwendesha bodaboda wa West Indies anayeweka Sh1,000 na kupewa bonasi ya Sh1,000. Salio lake sasa linasoma Sh2,000. Masharti yanasema azungushe mara 10 ndani ya siku 14, kwa mikeka ya mechi tatu au zaidi.

Swali la kwanza ni mara 10 ya nini. Ikiwa ni ya bonasi peke yake, hesabu ni 1,000 × 10, yaani Sh10,000. Ikiwa ni ya bonasi pamoja na pesa alizoweka, hesabu ni 2,000 × 10, yaani Sh20,000. Neno moja kwenye masharti limeongeza mzigo maradufu.

Tuseme masharti yake ni ya aina ya pili. Sh20,000 hizo si lazima zitoke mfukoni, kwa sababu pesa anazoshinda akiziweka dau tena, nazo huhesabiwa. Lakini akiweka Sh200 kwa kila mkeka, atahitaji mikeka 100 ndani ya siku 14. Hiyo ni takriban mikeka saba kila siku. Siku zikiisha kabla hajamaliza, bonasi hufutwa.

Ugumu mwingine umo ndani ya odi zenyewe. Chukua mechi ambayo kila upande una nafasi sawa ya kushinda. Odi ya haki ingekuwa 2.00, lakini kampuni inaweza kutoa 1.90 na kubaki na tofauti hiyo kama faida yake. Kwa mechi moja, mchezaji hupoteza wastani wa Sh5 kwa kila Sh100.

Mechi zikiwa tatu kwenye mkeka mmoja, makato hayo hujirudia mara tatu. Kwa wastani, mkeka mmoja tu kati ya minane ndio utashinda. Mikeka minane ya Sh100 humgharimu Sh800, na ule mmoja unaoshinda humlipa takriban Sh686. Hasara ni kama Sh14 kwa kila Sh100.

Sasa rudi kwa yule wa bodaboda. Akizungusha Sh20,000 kwa mikeka ya namna hiyo, hasara yake ya wastani inapita Sh2,800. Salio aliloanza nalo, bonasi ikiwemo, lilikuwa Sh2,000. Maana yake ni kwamba uwezekano mkubwa ni pesa kumalizika kabla ya sharti kutimizwa, na hapo ndipo wengi huweka nyingine ili “wasipoteze bonasi.” Wachache hubahatika na kumaliza wakiwa na faida, lakini hesabu iko upande wa kampuni. Na mfano huu haujagusa kodi.

Kabla ya kukubali bonasi yoyote, mkazi anaweza kufanya hesabu hii kwa kalamu na karatasi. Atafute kwenye masharti idadi ya mara za kuzungusha, kiasi kinachozidishwa, aina ya mikeka inayohesabiwa na siku alizopewa. Apate jumla ya madau, kisha aizidishe kwa hasara ya wastani: Sh5 kwa kila Sh100 kwa mechi moja, Sh14 kwa mechi tatu, kwa odi kama zilizotajwa. Jibu likizidi bonasi, zawadi hiyo inamgharimu zaidi ya inavyompa. Kwa kawaida bonasi inaweza kukataliwa, na pesa zake mwenyewe zikabaki huru bila sharti la kuzungusha.

Kubeti kunaruhusiwa kwa watu wa miaka 18 na zaidi pekee. Anayebishana na kampuni kuhusu bonasi ahifadhi picha ya masharti jinsi yalivyokuwa siku aliyojisajili, kwa sababu masharti hubadilishwa, na bila picha hiyo ni vigumu kuthibitisha alichokubali.