Karte ya Costco: makuta yaweza kurudi

Wandugu zetu wa Amerika wengi wananunua kwa Costco, magazini ya kuuza kwa jumla. Bila karte ya mwaka haununui. Tangu Septemba 2024, karte ya kawaida ni dola 65. Ile ya Executive ni 130, nayo inarudisha 2 kwa mia ya manunuzi. Lakini esanse haihesabiwi!

Tuseme dada yako ananunua vitu vya dola 2,000: anapata 40, na alilipa 65 za ziada. Aende kwenye meza ya wanachama, aombe kushuka kwa karte ya kawaida, wamrudishie 25 zilizopungua. Kama hapendi tena karte yenyewe, wanaifuta na kurudisha ada yote. Ila aombe mwenyewe: kama alikubali kulipa kila mwaka kwa karte ya banki, watakata tena.