Laki saba ya kwenye video si laki saba ya mkononi

Video ya bahasha umeshaiona. Mtangazaji anashika bahasha za kaki na kusema, "Tuseme mshahara wako ni laki saba," kisha anaanza kuzigawa. Ukimfuata hivyo hivyo, utaishiwa kabla mwezi haujaisha, na kosa si la bahasha.

Chukua mwalimu wa shule binafsi aliyepanga Kifungilo, juu kidogo ya mji wa Lushoto. Mkataba unasema 700,000. NSSF inachukua asilimia 10, yaani 70,000. Kodi inapigwa kwenye 630,000 inayobaki: 20,000, pamoja na asilimia 20 ya kile kinachozidi 520,000, jumla 42,000. Anachokipata benki ni 588,000. Kama bado analipa mkopo wa chuo, 105,000 nyingine inaondoka. Basi anza na salio la karatasi ya mshahara, si namba ya kwenye mkataba.

Tuseme hana mkopo. Pango 80,000, chakula 200,000, gesi na umeme 40,000, shule ya watoto 120,000, nauli na vocha 50,000, michango 38,000, dharura 60,000. Hesabu imefunga. Pango analilipa siku hiyo hiyo. Fedha ya shule na ya dharura inabaki benki, kwenye akaunti isiyo na kadi ya kutolea, kwa sababu ada haidaiwi kila mwezi na noti zilizokaa kabatini miezi mitatu zina miguu. Zilizobaki anazitoa mara moja akiwa Lushoto mjini. Kutoa kidogo kidogo kwa wakala kuna makato kila safari.

Bahasha ya chakula ndiyo inayochanika. Wengi huigawa kwa wiki nne, 50,000 kila moja, wakasahau kwamba mwezi una siku 30 au 31. Igawe mara tano: 45,000 kwa kila wiki, na 20,000 kwa siku mbili tatu za mwisho. Ukinunua mchele na mafuta ya mwezi mzima siku ya mshahara, toa bei yake kwanza, halafu ndiyo ugawe kinachobaki.

Bahasha ya michango wengine huiona ya anasa. Mimi naona bila hiyo mpango wote ni bure, maana msiba haupigi hodi na kadi ya harusi huwezi kuirudisha. Bila bahasha yake, mchango utatoka kwenye chakula.

Na kuazima kutatokea. Ukichukua 10,000 ya nauli ukanunulia mboga, acha kikaratasi ndani: tarehe, kiasi, imekwenda wapi. Vikaratasi vya namna hiyo vikijirudia miezi mitatu kwenye bahasha ileile, basi chakula ulikipangia kidogo. Mwezi wa nne ongeza hapo, na upunguze kule ulikokuwa unaazima.