Hidrojeni ndiyo inayoumbua

Mkemia akipimiwa vitamini C safi, ile iliyomo kwenye machungwa na mapera, majibu humjia kwa asilimia: kaboni 40.9, hidrojeni 4.6 na oksijeni 54.5. Kutokana na namba hizo anatafuta fomula empiriki, yaani uwiano mdogo kabisa wa atomi kwa namba nzima.

Hatua zenyewe ni fupi. Tuseme tuna gramu 100, ili kila asilimia igeuke gramu. Kisha kila uzito tunaugawa kwa masi atomia ya elementi yake kupata moli. Kaboni ni 40.9 kwa 12, sawa na 3.41. Hidrojeni ni 4.6 kwa 1, sawa na 4.6. Oksijeni ni 54.5 kwa 16, nayo inakaribia 3.41. Sasa tunagawa zote kwa iliyo ndogo, 3.41, na tunabaki na 1, 1.35 na 1.

Hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea. Wakiiona 1.35 huikata iwe 1, wakaandika CHO. Lakini desimali hiyo ni kubwa mno kuwa kosa dogo la mizani; iko karibu na 1.33, yaani moja na theluthi. Theluthi haiondoki kwa kukatwa, huondoka kwa kuzidisha uwiano wote kwa 3. Tunapata 3, 4.05 na 3, na fomula ni C₃H₄O₃. Ingekuwa 1.5, tungezidisha kwa 2. Ingekuwa 1.02, hapo kukadiria kuwa 1 ni halali.

Njia ya kuhakiki ni kurudi nyuma, kutoka kwenye fomula hadi asilimia. C₃H₄O₃ ina uzito wa 36 + 4 + 48, jumla 88. Kaboni inatoka 40.9, hidrojeni 4.5, oksijeni 54.5, karibu sawasawa na vipimo. Ijaribu na CHO, yenye uzito wa 29: kaboni ni 41.4 na oksijeni 55.2. Mtu aliyeangalia hizo mbili tu angeweza kuridhika, maana tofauti haifiki hata moja. Hidrojeni ndiyo inayoumbua, kwani inatoka 3.4 badala ya 4.6, pungufu kwa zaidi ya robo. Atomi ya hidrojeni ni nyepesi sana, kwa hiyo kuikosea idadi hakuzitikisi sana asilimia za wenzake.

Uhakiki huu una mpaka wake. C₆H₈O₆, ambayo ndiyo fomula ya molekuli ya vitamini C, inatoa asilimia zilezile. Ili kuzitenganisha lazima ujue masi ya molekuli, ambayo ni 176, mara mbili ya 88.

Basi ukihakiki, piga hesabu ya kila elementi, na uanze na iliyo nyepesi kuliko zote.