Namba Ndogo, Baiti Chache

Programu nyingi huipa kila namba kamili baiti nne, iwe ni 3 au bilioni moja. Kwa namba 3, baiti tatu kati ya hizo ni sifuri tupu, na mtumaji huzilipia bando kama nyingine. Protocol Buffers, mfumo wa kufungasha data ambao Google iliutoa kwa umma mwaka 2008, huziepuka kwa mbinu iitwayo varint: namba huchukua baiti kulingana na ukubwa wake.

Lakini ikiwa urefu unabadilika, msomaji atajuaje namba imeishia wapi? Jibu limefichwa ndani ya baiti yenyewe. Kati ya biti zake nane, saba hubeba namba, na ile ya juu kabisa ni ishara. Ikiwa 1, kuna baiti nyingine inayofuata. Ikiwa 0, namba imekwisha.

Tuchukue 500. Igawe kwa 128: unapata 3, na baki ni 116. Baki ndilo linalotangulia, na kwa kuwa bado kuna kinachofuata, tunawasha biti ya juu kwa kuongeza 128, nalo linakuwa 244. Kisha 3 inafuata kama ilivyo. Kwa tarakimu za msingi wa 16:

```
F4 03
```

Msomaji huondoa 128 kwenye 244, hubaki na 116, kisha huongeza 3 mara 128. Anapata 500, kwa baiti mbili badala ya nne.

Namba kuanzia 0 hadi 127 hutosha katika baiti moja. Zikivuka 268,435,455, zinahitaji tano, na hapo varint inakula zaidi ya ilichookoa. Namba za bahati nasibu zilizo kubwa zinafaa aina ya `fixed32`, ambayo daima ni baiti nne.

Mtego mbaya zaidi uko kwenye namba hasi. Aina ya `int32` huitanua -1 hadi biti 64, zote zikiwa 1, na kuzigawa saba saba huzaa baiti kumi:

```
FF FF FF FF FF FF FF FF FF 01
```

Ukiona mstari huu kwenye ujumbe wa kipimajoto, aina iliyochaguliwa haikufaa. `sint32` kwanza hupanga namba kwa kupishana: 0 inabaki 0, -1 inakuwa 1, 1 inakuwa 2, -2 inakuwa 3. Hivyo nyuzi -1 huingia kwenye baiti moja.

Uamuzi huo ufanywe kabla ya programu kuanza kutumika. Ukibadilisha `int32` kuwa `sint32` upande wa mtumaji pekee, nyuzi -1 zitafika kwa msomaji wa zamani kama 1, na nyuzi 20 kama 40. Ujumbe utasomeka vizuri, bila onyo lolote la kosa.